Aspirini Safi: Ushahidi wa Kipimajoto na Mizani

Kichupa cha aspirini kilichosahauliwa kabatini katika nyumba ya Tanga au Mombasa, ambako joto na unyevu havipumziki, mara nyingi hutoa harufu ya siki kinapofunguliwa. Harufu hiyo ina maana yake. Unyevu umeipasua molekuli ya aspirini vipande viwili. Kimoja ni asidi ya asetiki, ile ile inayoipa siki ukali wake, nayo huruka hewani ikanusika. Cha pili ni asidi ya salisiliki, ambayo hairuki. Inabaki humo humo kwenye kichupa, unga mweupe ndani ya unga mweupe, na jicho haliwezi kuubagua mmoja na mwingine.

Tatizo hilo hilo humkabili mwanafunzi anayetengeneza aspirini maabara, ila yeye analiona kwa upande wa pili. Anaanza na asidi ya salisiliki, anaichanganya na anihidridi ya asetiki na matone machache ya asidi kali ya kuharakisha, anapasha moto kidogo, kisha anaongeza maji na kupoza. Unga mweupe unatokea. Je, yote ni aspirini, au kuna asidi ya salisiliki ambayo haikubadilika? Swali hili lina historia. Mkemia Mfaransa Charles Gerhardt alitengeneza kemikali hii mwaka 1853, lakini alichopata hakikuwa safi. Ilikuwa mwaka 1897, katika kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, ambapo Felix Hoffmann aliipata ikiwa safi na thabiti kiasi cha kufaa kuwa dawa.

Maabara za vyuo na shule hulijibu swali hili kwa hatua tatu zinazofuatana: kuumumunya unga katika kimiminika cha moto na kuuacha ujenge fuwele upya, kupima joto ambalo fuwele hizo zinayeyuka, na kupima uzito uliorudi. Wengi hukosea kwa kuzisoma namba hizi moja moja. Uzito peke yake unaweza kudanganya, na joto peke yake pia linaweza kudanganya. Zikisomwa pamoja, uongo wa moja hufichuliwa na nyingine.

Kwa nini fuwele hujisafisha

Fuwele ni molekuli zilizojipanga safu kwa safu kwa mpangilio mmoja. Ni kama fundi anayejenga ukuta kwa matofali ya kalibu moja: likija tofali lenye umbo tofauti halikai, na fundi akiwa hana haraka atalitupa pembeni na kuchukua linalofaa. Molekuli ya asidi ya salisiliki haina umbo la aspirini. Fuwele ya aspirini ikikua polepole, mgeni huyo hukataliwa na kubaki ndani ya kimiminika. Ikikua kwa pupa, mgeni hufunikwa na safu zinazofuata na kufungiwa ndani.

Kwa hiyo kazi nzima inategemea kimiminika kinachotumika, yaani kimumunyishi. Kinachotakiwa ni kile kinachoimumunya aspirini vizuri kikiwa cha moto na vibaya kikiwa baridi. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo inayozirudisha fuwele. Uchafu nao uwe wa aina mojawapo kati ya mbili: ama hauyeyuki hata kimumunyishi kikiwa cha moto, hivyo unachujwa mapema, ama unabaki umemumunyika hata kikiwa baridi, hivyo unaondoka na maji ya mwisho. Kimumunyishi kisishambulie aspirini, na kiwe chepesi kukauka.

Kumchagua kimumunyishi

Uchaguzi hufanywa kwa majaribio madogo. Chukua neli kadhaa za majaribio, tia katika kila moja takriban gramu 0.1 ya unga, halafu ongeza mililita 1 hadi 2 ya kimiminika unachokijaribu. Tikisa kikiwa baridi na utazame. Kisha pasha kwenye maji ya moto na utazame tena. Mwisho iache ipoe. Kimiminika kinachomumunya unga wote kikiwa bado baridi hakifai, na kisichoumumunya hata kikiwa moto hakifai pia. Unachokitafuta ni neli ambayo unga uligoma kwenye baridi, ukapotea kwenye joto, na ukarudi ukiwa fuwele ilipopoa.

Kwa aspirini, vimiminika vinavyopatikana kwa urahisi hushindwa kila kimoja kwa sababu yake. Heksani haiimumunyi hata ikiwa moto. Maji ya nyuzi 25 za sentigredi huimumunya kwa shida sana: gramu 1 huhitaji takriban mililita 300. Hilo lingekuwa zuri kwa upande wa baridi, lakini maji yana kasoro nyingine. Yakichemshwa na aspirini kwa muda, hufanya kazi ile ile iliyofanywa na unyevu ndani ya kichupa. Unaanza ukitaka kuondoa asidi ya salisiliki, na unaishia kuitengeneza.

Ethanoli ina kasoro iliyo kinyume. Inaipenda aspirini mno. Katika joto la kawaida la chumba, gramu 1 humumunyika katika takriban mililita 5 tu. Tuseme una gramu 2.35 za unga ghafi, ukazimumunya katika mililita 7 za ethanoli ya moto, ukaacha zipoe. Mililita 7 za ethanoli ya nyuzi 25 zinaweza kushikilia karibu gramu 1.4. Fuwele zitakazotoka hazitafikia hata gramu moja. Zaidi ya nusu ya kazi yako imebaki chupani, na hukufanya kosa lolote la mkono. Ulikosea kuchagua tu.

Suluhisho ni kuziunganisha kasoro hizo mbili. Unaimumunya aspirini katika ethanoli ya moto kidogo iwezekanavyo, kwa kuongeza matone hadi chembe ya mwisho ipotee. Kisha unaongeza maji ya uvuguvugu taratibu. Maji yanapozidi, aspirini huanza kukosa pa kukaa, na mmumunyo huwa na ukungu mwembamba. Hapo unasimama, unapasha kidogo hadi ukungu uondoke, na unaiacha chupa mezani ipoe yenyewe. Ethanoli inachemka kwenye nyuzi 78 na mvuke wake hushika moto haraka, kwa hiyo pashia kwenye beseni la maji ya moto, si kwenye mwali.

Hapa ndipo mambo mawili huharibika mara kwa mara. La kwanza, badala ya fuwele, matone kama mafuta hutokea na kuzama chini. Aspirini imetoka kwenye mmumunyo ikiwa kimiminika, kwa kuwa mmumunyo ulikuwa mzito mno au maji yaliongezwa mengi kungali moto sana. Matone hayo huvuta uchafu ndani yake kwa sababu hayana mpangilio wa kuukataa, na hata yakiganda baadaye hayatakuwa safi. Dawa yake ni kupasha tena, kuongeza ethanoli kidogo hadi matone yapotee, na kupoza polepole zaidi. La pili, hakuna kinachotokea kabisa hata chupa ikiwa baridi. Mara nyingi fuwele inakosa mahali pa kuanzia. Kwaruza ukuta wa ndani wa chupa kwa kijiti cha kioo, au dondosha chembe moja ya aspirini safi. Ikigoma bado, kimumunyishi kimezidi, na sehemu yake lazima ichemshwe ipungue.

Chupa ikishafika joto la chumba na fuwele zimeonekana, iweke kwenye barafu ili zilizobaki zitoke. Chuja kwa faneli yenye pampu ya kuvuta hewa, osha kwa maji machache ya barafu, na acha hewa ipite. Maji ya kuoshea yawe kidogo kweli. Mililita 30 za maji ya joto la chumba zinaweza kuondoka na gramu 0.1 ya aspirini yako bila kelele.

Joto linasema nini

Sasa fuwele ni kavu. Zisage kidogo, zisukume ndani ya neli nyembamba ya kioo iliyozibwa upande mmoja hadi zifike kimo cha milimita 2 au 3, na uiweke kwenye kifaa cha kupimia joto la kuyeyuka. Unaandika joto mara mbili: tone la kwanza la kimiminika linapoonekana, na fuwele ya mwisho inapopotea. Namba hizo mbili ndizo mpaka wa chini na wa juu wa kuyeyuka. Kitu safi huyeyuka ndani ya nyuzi moja au mbili. Kichafu huanza mapema na kumaliza kwa kujikokota.

Jambo linaloshangaza wengi ni hili. Asidi ya salisiliki huyeyuka karibu na nyuzi 159, juu kabisa ya aspirini, ambayo vitabu vingi huiweka kwenye nyuzi 135 hadi 136. Mtu angetegemea kwamba kuchanganya hizo mbili kutapandisha joto la kuyeyuka. Kinyume chake, hulishusha.

Sababu ni kwamba kuyeyuka ni mashindano. Wakati wote molekuli zinatoka kwenye fuwele kwenda kwenye kimiminika, na nyingine zinarudi. Katika joto la kuyeyuka, zinazotoka na zinazorudi zinalingana. Weka wageni ndani ya kimiminika, na idadi ya molekuli za aspirini zinazogonga uso wa fuwele zikitaka kurudi inapungua, kwa kuwa nafasi nyingine zimeshikwa na wageni wasioweza kujiunga. Zinazotoka hazijapungua. Fuwele inashindwa katika joto dogo zaidi, hata kama mgeni mwenyewe ni mgumu kuyeyuka akiwa peke yake.

Na kwa nini kujikokota? Kwa sababu kimiminika cha kwanza kutokea ndicho chenye uchafu mwingi zaidi. Kadiri aspirini inavyoendelea kuyeyuka na kuingia humo, uchafu unazimuliwa, na joto linalohitajika linapanda. Kila sehemu ya sampuli inasubiri joto lake. Ndiyo maana urefu wa kuyeyuka una habari sawa na kiwango chenyewe: 118 hadi 127 inaonyesha uchafu mara mbili, kwa kuwa chini na kwa kuwa pana.

Aspirini ina ujanja wake, na mtu asipoujua atailaumu sampuli isiyo na hatia. Kemikali hii huanza kuvunjika karibu na joto lile lile inaloyeyuka. Ukiipasha polepole kuanzia joto la chumba, kufikia nyuzi 130 sehemu yake itakuwa imeshageuka, na uchafu uliozaliwa ndani ya neli utashusha kipimo. Kwa sababu hiyo kifaa hupashwa kwanza hadi karibu nyuzi 120, ndipo neli inaingizwa, kisha joto linapandishwa kwa takriban nyuzi 2 kwa dakika. Farmakopia ya Ulaya hutaja takriban nyuzi 143, lakini kwa njia nyingine: unga unadondoshwa juu ya bamba ambalo tayari ni la moto na kuyeyuka papo hapo, kabla haujapata muda wa kuvunjika. Kemikali ni moja. Kilichotofautiana ni muda iliokaa kwenye joto. Anayeandika kipimo cha aspirini bila kuandika alivyopasha ameandika nusu ya kipimo.

Unyevu nao hudanganya. Ethanoli iliyonaswa kati ya fuwele ni mgeni kama mgeni mwingine, na hushusha joto vile vile. Sampuli ikisoma chini kuliko ulivyotarajia, kabla ya kuihukumu iache ikauke zaidi na uipime tena kwa neli mpya. Ile ya kwanza isirudiwe, kwa kuwa aspirini iliyoyeyuka mara moja tayari imeharibika.

Kuna udanganyifu mwingine: vitu tofauti vyenye joto moja. Urea huyeyuka karibu na nyuzi 133, na asidi ya sinamiki vile vile. Unga mweupe unaoyeyuka kwenye 133 hadi 135 unaweza kuwa safi kabisa na usiwe aspirini. Njia ya kuuliza ni kuuchanganya nusu kwa nusu na aspirini iliyothibitishwa na kupima mchanganyiko huo. Kama ni kitu kimoja, joto halitasogea. Kama ni vitu viwili, kila kimoja kitakuwa mgeni kwa mwenzake na kipimo kitaporomoka. Uchafu unaoogopwa hapa unageuzwa kuwa chombo cha utambuzi.

Uzito uliorudi

Tuhesabu sasa. Mwanafunzi alianza na gramu 2.00 za asidi ya salisiliki. Uzito wa moli yake ni gramu 138.1, na wa aspirini ni 180.2. Kila molekuli ya kwanza huzaa moja ya pili, kwa hiyo upeo anaoweza kupata ni 2.00 × 180.2 ÷ 138.1, yaani gramu 2.61. Baada ya kuchuja na kukausha ana gramu 2.35 za unga ghafi. Alipoumumunya na kuujenga upya, alipata gramu 1.88 za fuwele kavu.

Asilimia ya urejesho hulinganisha fuwele safi na unga ghafi ulioingia kwenye chupa:

1.88 ÷ 2.35 × 100 = 80.0

Asilimia ya mavuno ni hesabu nyingine. Hulinganisha fuwele hizo hizo na upeo wa nadharia: 1.88 ÷ 2.61 × 100, ambayo ni 72.0. Ya kwanza inapima usafishaji, ya pili inapima safari nzima tangu asidi ya salisiliki. Wanafunzi huzichanganya kila mwaka, na njia ya kuzikumbuka ni kutazama kilicho chini ya alama ya kugawanya.

Je, asilimia 80 ni mbaya? Hapana, na wala asilimia 100 isingekuwa nzuri. Tuseme sehemu moja ya kumi ya ule unga ghafi ilikuwa asidi ya salisiliki, karibu gramu 0.24. Usafishaji uliofanikiwa kabisa, bila kupoteza chembe ya aspirini, ungerudisha asilimia 90 tu. Anayeleta asilimia 98 kutoka unga huo huo hajawashinda wenzake. Amerudisha uchafu. Kipimajoto chake kitamsema: 118 hadi 127, wakati mwenye asilimia 80 anasoma 134 hadi 136. Na anayeleta asilimia 104 amepima ethanoli na maji pamoja na fuwele.

Upande wa pili, asilimia ndogo si lazima iwe na maana ya fuwele kupotea. Kama unga ghafi ulipimwa ukiwa bado na maji, namba ya chini ya mgao imevimba. Tuseme ulisoma gramu 2.90 badala ya 2.35. Urejesho utaonekana kuwa 64.8, ingawa fuwele ni zile zile. Hapa upeo wa nadharia unasaidia: gramu 2.00 za mwanzo haziwezi kuzaa zaidi ya 2.61 za aspirini, kwa hiyo 2.90 ni lazima ina kitu kingine ndani yake.

Kiasi kilichopotea kwa kweli kipo kwenye maji yaliyochujwa. Ukiyapunguza kwa kuyaacha yapate hewa na kuyapoza tena, unaweza kuvuna fuwele za awamu ya pili. Tuseme ni gramu 0.21. Ukizijumlisha, urejesho unapanda hadi 88.9, na kishawishi cha kuzimimina kwenye chombo kimoja ni kikubwa. Zipime kwanza. Fuwele hizo zimekua katika maji ambamo uchafu wote ulibaki, na zikisoma kama 124 hadi 130, kuzichanganya na za kwanza ni kurudisha ulichokiondoa.

Kuna kipimo kimoja cha haraka cha kuthibitisha yote haya. Mumunya chembe chache katika ethanoli kidogo na udondoshee mmumunyo wa kloridi ya chuma, FeCl₃. Asidi ya salisiliki huupa rangi ya zambarau mara moja. Aspirini safi haiupi. Ukiiweka neli ya unga ghafi kando ya neli ya fuwele, unaona kwa macho kile ambacho kipimajoto kilikuambia kwa namba. Hata hivyo, fuwele hizi zikifaulu mitihani yote, si za kumezwa. Hakuna kipimo hata kimoja hapa kilichotafuta viini vya sumu au vijidudu, na vyombo vya maabara vimebeba mengi.

Linabaki swali la lini pa kuacha. Kila kurudia kuna gharama. Kama kila mzunguko unarudisha asilimia 80, gramu 1.88 zitakuwa 1.50, na mzunguko mwingine utazifanya 1.20. Kanuni ya maabara ni rahisi: rudia ikiwa kipimo cha joto kilikuwa pana au chini, na uache pale mzunguko mpya unaposhindwa kusogeza kipimo. Sampuli iliyosoma 130 hadi 134 na baada ya kurudiwa ikasoma 134 hadi 136 imestahili gharama yake. Ikisoma 134 hadi 136 mara mbili mfululizo, mzunguko wa pili umekula gramu 0.38 bila kuongeza usafi, na fuwele zitiwe kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko kinachobana.